Nijiite kwa jina langu au nitafute jina la studio? Kazi yangu ni lebo, niko Kahawa West

LeboKahawa

Habari za jioni. Naomba ushauri wa waliopitia hili, maana nimelikalia wiki tatu na bado sijaamua.

Mimi ni dizaina, nafanya kazi peke yangu nyumbani tangu 2021. Nilianza na chochote kilichokuja: kadi za harusi, mabango ya kanisa, fulana za mazishi. Miaka miwili hii nimeegemea lebo za bidhaa, yaani asali, siagi ya karanga, sabuni ya maji, pilipili ya chupa. Wateja wangu wengi husindika vitu kidogo kidogo Thika, Ruiru na Kikuyu, na kila mmoja huletwa na mwenzake. Natumia jina langu tu, Mary Wanjiku. Ukilitafuta mtandaoni utakutana na mamia ya akina Mary Wanjiku kabla hujanifikia mimi.

Mwezi uliopita kampuni moja ya vyakula ilinitaka kwa kazi ya miezi sita, lebo mpya za bidhaa tisa. Bei tukaelewana. Halafu mtu wa ununuzi akaniambia, "Sisi hufanya kazi na kampuni, si mtu." Tangu siku hiyo jina limekuwa mzigo. Nimefikiria kujiita Mstari Studio. Mume wangu anasema nikiliacha jina langu nimewaacha na wateja. Nani yuko sahihi?

BiasharaKwanza

Dada, usipoteze muda. Kesho asubuhi ingia eCitizen, lipa ada, sajili Mstari Studio. Likishasajiliwa ni lako Kenya nzima, hakuna wa kuligusa. Jina la mtu hufa na mtu, la studio ni mali unayoweza kuuza. Na bei itapanda: mtu mmoja huombwa punguzo, studio huombwa kwotesheni. Ukitaka kubaki na jina lako pia ni sawa, ongeza tu neno mbele, Wanjiku Dizaini, hapo huhitaji hata kusajili kwa sababu ni jina lako.

MzeeWaUmoja

Binti, pole pole na mambo ya kubadilisha jina. Binamu yangu alibadilisha lake kwa wakili, likatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha akaanza safari ya benki, NSSF, pasipoti na cheti cha shule. Ilimchukua karibu mwaka mzima. Kama si lazima, baki na ulilopewa na wazazi.

LeboKahawa

Asante mzee wangu. Kitambulisho sikigusi, kitabaki vilevile. Nauliza jina la kufanyia kazi tu.

MzeeWaUmoja

Basi nilielewa vibaya. Hilo ni jepesi zaidi. Endelea, mimi nasoma.

KaraniWaMajina

Nimesaidia watu kusajili majina na alama za biashara hapa mjini kwa miaka 13, kwa hiyo nianze kwa kurekebisha aliyoandika BiasharaKwanza, kwa heshima. Mambo mawili aliyoyasema yameniletea wateja wengi wanaolia.

La kwanza ni hilo la kwamba ukisajili jina la biashara linakuwa lako Kenya nzima. Unachopata ni cheti kinachosema mtu fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Msajili hatakubali jina linalofanana mno na lililopo kwenye orodha yake, na faida yake karibu inaishia hapo. Biashara yenyewe si mtu mbele ya sheria. Ni wewe. Deni ni lako, PIN ya KRA ni yako, na benki itaandika akaunti kwa majina yako ikifuatiwa na jina la biashara. Ukitaka kuzuia mwingine asitumie neno Mstari kwenye kazi kama yako, hiyo ni alama ya biashara, na inasajiliwa KIPI, ofisi ya serikali inayoshughulikia alama hizo. Kazi ya dizaini huingia daraja la 42, ualimu daraja la 41. Ombi likikubaliwa hutangazwa na watu hupewa siku 60 za kupinga. Likipita, linadumu miaka 10 na unaweza kulihuisha. Ni ofisi tofauti, ada tofauti, haki tofauti.

La pili ni Wanjiku Dizaini. Sheria ya kusajili majina ya biashara inamsamehe mtu anayetumia majina yake halisi, yaani jina la ukoo pamoja na mengine au herufi zake za kwanza, bila nyongeza. Ukiandika Mary Wanjiku au M. Wanjiku kama lilivyo kwenye kitambulisho, hudaiwi cheti. Ukiongeza Dizaini, Lebo, Studio au hata "na Wenzake", umetoka kwenye msamaha huo na unatakiwa kusajili.

Sasa dada, hujaniuliza lakini nitakuambia. Mtu wa ununuzi akisema "hatufanyi kazi na mtu", mara nyingi hazungumzii jina. Anazungumzia makaratasi. Muulize kwa barua pepe, kwa upole: mnahitaji hati gani ili mnisajili kama muuzaji wenu? Akijibu CR12, hiyo ni ya kampuni yenye wakurugenzi na huwezi kuipata kwa jina la biashara. Akijibu PIN, cheti cha kutii kodi, akaunti ya benki na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, basi vyote hivyo unaweza kuvipata ukiwa Mary Wanjiku. Uliza kabla hujachagua jina kwa sababu ya hofu ya mtu mmoja.

LeboKahawa

Asante sana, karani. Kumbe hata hilo la kuongeza neno sikulijua. Nitamwandikia leo.

BiasharaKwanza

Nimekubali marekebisho. Ila kwenye bei sirudi nyuma. Nilipoacha kutumia jina langu bei ya logo ilitoka 5,000 ikafika 15,000. Kazi ni ileile, mkono ni uleule.

DizainaRuaka

Kaka, na mimi nilipandisha hivyo, lakini nikichunguza, jina halikuwa sababu. Nilipokuwa na jina la studio ndipo nilipoanza kutuma kwotesheni yenye idadi ya marekebisho, tarehe ya malipo ya kwanza na orodha ya faili ambazo mteja atapewa. Hayo ningeyafanya hata kwa jina langu. Nafikiri jina lilinipa ujasiri wa kuyaandika tu.

Na jina la studio lina gharama ambayo hakuna aliyeniambia. Unaanza kuandika "sisi". Timu yetu, ofisi yetu. Mteja anaamini, na ana haki ya kuamini. Siku moja niliugua malaria siku nne, mteja akauliza kwa nini wengine ofisini hawawezi kuendelea na kazi. Hakukuwa na wengine. Mwingine alitaka kikao ofisini nikamkaribisha kwenye mkahawa, nikaona uso wake ukibadilika. Sikuwa nimemdanganya kwa neno lolote moja, lakini jina lilikuwa limeahidi watu ambao sina. LeboKahawa, kama uko peke yako na una nia ya kubaki peke yako, fikiria hilo kabla ya neno studio.

MwalimuLangata

Naomba niingie ingawa mimi si dizaina. Nafundisha hesabu na fizikia nyumbani kwa wanafunzi, Lang'ata na South C zaidi. Nilianza 2019 kwa jina langu, na lilifanya kazi vizuri sana kwa sababu mzazi anapomruhusu mtu aingie sebuleni akae na mtoto wake saa mbili, anataka kumjua huyo mtu. Hanunui hesabu pekee. Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza kampuni yangu inaitwaje.

Tatizo lilikuja 2022. Nilikuwa na familia 17 na wiki ina siku saba. Nikachukua walimu wawili, vijana wazuri, mmoja wa hesabu kunizidi. Wazazi wakawakataa. Mama mmoja alinipigia simu akaniambia wazi, "Mwalimu, mimi nilikuita wewe." Na hakukosea, maana kila kitu nilichokuwa nimeandika kilikuwa jina langu.

Ndipo nikatafuta jina lisilo langu. Sikubadilisha kwa siku moja. Mwaka mzima niliandika jina jipya likifuatiwa na "ya Mwalimu" na jina langu, kwenye WhatsApp, kwenye risiti, kila mahali. Kila mwalimu mpya nilikwenda naye vipindi viwili vya kwanza, nikakaa pembeni kimya, kisha nikazungumza na mzazi mlangoni. Familia 4 ziliondoka. Zilizobaki, muhula wa pili wazazi walikuwa wanasema "mwalimu wenu wa fizikia". Neno hilo "wenu" ndilo lililonionyesha jina limeshika. Baada ya hapo nikaondoa langu.

Nikumbushe na jambo moja linaloumiza. Jina la pamoja halikunilinda dhidi ya mwalimu aliyeondoka na wanafunzi. Mmoja aliondoka 2023 na familia tatu zikamfuata. Mzazi hushikamana na anayemwona kila Jumanne jioni, si na jina lililo kwenye risiti.

MamaWawili

Mimi ni mzazi, si mfanyabiashara, lakini ninathibitisha aliyosema mwalimu. Mwalimu wa mwanangu nimemhifadhi kwenye simu kama "Tr Brian Hesabu". Sijui jina lake la ukoo. Jirani akiniomba namba namtumia hiyohiyo.

KaraniWaMajina

Mama, hapo umegusa kitu ambacho huwa nawaambia wateja wangu kabla hawajalipa senti. Jina lako la kweli sokoni tayari lipo, limeandikwa kwenye simu za watu. LeboKahawa, fanya jaribio hili wiki hii. Waulize wateja kumi au zaidi wamekuhifadhi kwa jina gani, wakutumie picha ya skrini. Usiwaeleze sababu, wasije wakakusaidia. Utaona wanatumia sehemu gani ya jina lako na wanaongeza neno gani. Hayo mawili ndiyo wanayoyasema wanapokupendekeza kwa mwenzao.

Jaribio la pili ni la sikio. Mpigie mtu simu, litamke jina mara moja tu, mwambie akuandikie ujumbe wa jina hilo. Kazi zetu Nairobi hupita kwa mdomo, ndani ya matatu, dukani, baada ya ibada. Jina lisiloandikika baada ya kusikika mara moja linapotea hapo katikati.

AminaEastleigh

Jambo ambalo watu hawataki kulisema hadharani nitalisema mimi. Jina la ukoo hapa Kenya linasema kabila lako kabla hujafungua mdomo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Kiingereza. Niliwahi kupeleka kwotesheni mbili mahali pamoja, moja kwa majina yangu kamili, nyingine baada ya miezi kwa jina la biashara, na ni ya pili tu iliyojibiwa. Siwezi kuthibitisha sababu. Lakini mwaka wa uchaguzi ukikaribia nahisi tofauti kwenye simu ninazopokea. Kwa hiyo nimechagua neno la Kiswahili ambalo ni la kila mtu, na jina langu mzazi hulijua tunapokutana.

DizainaRuaka

Amina, nakuelewa, na sitasema unakosea. Ila kwangu nahisi tukifanya hivyo wote tunakubali kwamba majina yetu ni mzigo. Baba yangu alilibeba lake kwenye kila hati.

AminaEastleigh

Kaka, baba yako hakuwa akitafuta wanafunzi kwa namba ya simu kwenye bango. Ninalipenda jina langu. Ninahitaji pia karo ya watoto.

MwalimuLangata

Kuna upande wa tatu hapo. Wengi wetu tunaofundisha hutumia jina la kwanza pekee, Mwalimu Amina, Mwalimu Brian. Halifichi kwamba kuna mtu, na halifungui mjadala wa ukoo. Kwa wasio Wakristo hata jina la kwanza hutaja dini, najua, kwa hiyo si suluhisho la kila mtu.

BiasharaKwanza

Mwalimu, swali la kando. Mke wangu anaanza tuisheni Embakasi na anataka kuiita akademi. Unaonaje?

MwalimuLangata

Aliache hilo neno. Hapa Nairobi akademi ni shule. Mzazi ataulizia madarasa, sare na usajili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka taasisi inayotoa elimu hiyo isajiliwe. Mwalimu anayezunguka majumbani na begi si taasisi, basi asijipe jina litakaloleta maswali ya taasisi. "Tuisheni" ni neno linaloeleweka na halimdanganyi mtu.

LeboKahawa

Nimerudi baada ya siku tisa. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa nafanya mlivyoniambia.

Kwanza ile kampuni. Niliuliza mnahitaji hati gani. Jibu lilikuja siku ya pili: nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN, cheti cha kutii kodi, barua ya benki inayoonyesha akaunti, na invoisi zipitie eTIMS. CR12 haikutajwa. Yule wa ununuzi aliniambia kwamba mwaka jana walimlipa mtu kwa M-Pesa bila invoisi na gharama ile ikawaletea shida kwenye kodi, ndiyo maana aliogopa neno "mtu". Wamesema pia watakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwa kila malipo, na cheti chake kitatoka kwenye PIN yangu. Kwa hiyo mkataba umeandikwa Mary Wanjiku na nimeshautia sahihi. Wiki tatu za kukosa usingizi ziliisha kwa barua pepe ya mistari minne.

Kisha jaribio la simu. Niliwauliza wateja 14, wakajibu 12. Saba wamenihifadhi kama Shiku, kifupi cha Wanjiku, pamoja na neno lebo: Shiku Lebo, Shiku wa Lebo, Lebo Shiku. Wawili ni Wanjiku Lebo. Mmoja ameandika Mary Dizaini, mmoja Dada wa Sabuni kwa sababu tulianza na sabuni yake, na mmoja hakuwa amenihifadhi kabisa ingawa nimemfanyia kazi tatu. Hakuna hata mmoja aliyeandika Mary Wanjiku, jina ambalo nimekuwa nikiliweka kwenye kila kwotesheni tangu 2021.

Jaribio la sikio nalo lilinishangaza. Nilipiga simu kwa watu watano ambao hawaijui kazi yangu. Mstari Studio, wawili waliandika Mistari. Shiku Lebo, wanne waliandika Shiku na mmoja Ciku, kama tunavyoandika nyumbani. Neno lebo wote walilipata.

Kwa hiyo naelekea Shiku Lebo. Karani, kuna shimo ambalo silioni?

KaraniWaMajina

Umefanya kazi nzuri kuliko wengi wanaokuja ofisini kwangu na nembo tayari wakiwa hawajamuuliza mteja hata mmoja.

Shimo la kwanza: Shiku si jina lililo kwenye kitambulisho chako, na umeongeza neno, kwa hiyo lazima usajili jina la biashara. Anza na utafutaji wa jina eCitizen, usichapishe chochote kabla ya majibu.

La pili ni fedha. Mteja akilipa, jina linalotokea kwenye simu yake lifanane na lililo kwenye invoisi. Ukitumia Pochi la Biashara ataona majina yako binafsi, na ambaye anamjua Shiku tu atasita, atapiga simu kuuliza, au ataghairi. Omba namba ya Lipa na M-Pesa yenye jina la biashara ukishapata cheti. Kwenye invoisi andika yote mawili, Shiku Lebo juu na Mary Wanjiku chini yake, kwa sababu PIN na eTIMS vitaendelea kukutambua kwa majina ya kitambulisho.

La tatu ni la baadaye. Neno lebo linaeleza kazi yenyewe, na Shiku wako wengi. Ukienda KIPI kulisajili kama alama, maneno yanayotaja kazi moja kwa moja yana njia ngumu, na jina la ukoo la kawaida peke yake nalo lina njia ngumu. Maneno ya kubuni ndiyo hupita kwa urahisi. Na hata ukifaulu, huwezi kumzuia Wanjiku mwingine kutumia jina lake mwenyewe kwa nia njema katika kazi yake. Kwa hapo Mstari lingekuwa na nguvu zaidi, maana neno mstari halielezi lebo. Unachagua jina linaloletwa na wateja leo, ukijua kwamba uzio wake ni mfupi. Kwa mtu mmoja anayelishwa na mapendekezo ya wateja ningechagua hivyohivyo. Kwa anayepanga kuuza biashara baada ya miaka minane nisingechagua.

BiasharaKwanza

Hapo ndipo ninapokwama. Je, akitaka kuchukua watu mwakani? Atafanya kama mwalimu, aanze upya?

KaraniWaMajina

Si lazima aanze upya. Shiku Lebo lina neno la kazi ndani yake, na neno hilo linaweza kubeba watu. "Nimetumwa na Shiku Lebo" inasemeka. "Nimetumwa na Mary Wanjiku" inamfanya mteja aulize Mary yuko wapi. Mwalimu, sijui kama kwenye ualimu ingekuwa hivyo.

MwalimuLangata

Sina hakika. Bidhaa ya dada ni karatasi inayobandikwa kwenye chupa, mteja anaweza kuipima bila kumwona aliyeichora. Somo haliachi kitu mezani isipokuwa matokeo baada ya muhula. Nafikiri jina la kwanza kwenye tuisheni lingemvuta mzazi kwangu hata kama nimeongeza neno. Lakini sikujaribu.

DizainaRuaka

Na kama ukichoka na lebo, Shiku? Mimi nilijiita kwa kazi za harusi, leo sifanyi hata kadi moja na bado napigiwa simu kila Disemba.

LeboKahawa

Hilo limenikaa. Sina jibu zuri. Ninachojua ni kwamba miaka miwili nimekataa kadi na fulana na mapato hayakushuka, kwa hiyo naona lebo na vifungashio vitanitosha kwa muda mrefu. Nikihama itabidi nilipe gharama ya kuhama.

Leo asubuhi nimelipia utafutaji wa jina. Nimeweka Shiku Lebo, na la pili Lebo za Shiku iwapo la kwanza litakataliwa. WhatsApp sijagusa hadi majibu yatoke. Nikipata cheti nitasajili anwani ya .co.ke kwa Shiku, na ya Ciku pia nitaichukua ielekee kulekule, kwa ajili ya yule mmoja kati ya watano.

MzeeWaUmoja

Binti, nina shamba la nyuki Kitui na ndugu yangu hupakia asali kwenye chupa zisizo na chochote. Nimekuhifadhi hapa. Nimeandika Shiku Lebo Asali. Nitumie namba kwa ujumbe wa faragha.